SINKI LA JIKONI NA MAJI YANAYOJIFICHA CHINI YAKE

Wiki hii safu yetu ya afya na usafi inaingia jikoni, tena inainama chini ya sinki, mahali ambapo wengi wetu hatupatazami mpaka siku harufu itakapotuita.

Katika nyumba zinazojengwa siku hizi pembezoni mwa jiji letu, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, jiko la ndani lenye kabati na sinki la chuma kisichoshika kutu limekuwa jambo la kawaida. Fundi seremala, labda wa kule Keko, analeta kabati na meza yake ya juu. Fundi bomba anakuja siku nyingine kuweka sinki. Huyu anatoboa, anadondosha sinki kwenye tundu, anazungushia saruji nyeupe pembeni, anafungua maji, anaondoka. Kwa macho kazi imekwisha. Baada ya mwaka mmoja ubao umevimba, kabati linanuka, na mende wanatoka usiku kwa makundi.

Makala haya yanaeleza namna sinki hilo linavyotakiwa kukaa, ili ukimwita fundi ujue la kumwambia, na ukiwa mwenyewe ni mtu wa mkono ulifanye.

Maji yanaingiaje?

Sinki tunalozungumzia ni lile linaloingizwa kwa juu. Lina mdomo wa bapa unaolalia meza pande zote nne, na bakuli linaning'inia ndani ya tundu. Mdomo huo unaonekana umelala vizuri, lakini bati lake ni jembamba na meza haijanyooka kama kioo. Kati ya chuma na ubao kuna upenyo mdogo, pengine mwembamba kuliko karatasi.

Wengi hudhani upenyo mwembamba hivyo hauna madhara. Ukweli ni kinyume chake. Umeona jinsi mafuta ya taa yanavyopanda yenyewe kwenye utambi wa kibatari bila kusukumwa na kitu. Maji nayo hupanda na kutambaa hivyo hivyo katika nafasi finyu, na kadiri nafasi inavyokuwa finyu ndivyo yanavyovutwa mbali zaidi. Tone lililobaki pembeni mwa sinki baada ya kuosha vyombo linavutwa chini ya mdomo mpaka kwenye ukingo wa ubao uliokatwa. Likishafika huko halikauki, kwa sababu upepo hauingii. Kesho linafuatwa na lingine. Na nyumba ambayo watu hutawadhia hapo hapo jikoni, pembeni mwa sinki hapakauki kutwa nzima.

Ubao mwingi wa meza hizi ni chipubodi iliyobandikwa fomaika juu. Fomaika haipitishi maji, lakini ndani yake ni vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Vikilowa vinavimba, na vikikauka havirudi vilivyokuwa. Ubao ukivimba unaunyanyua mdomo wa sinki, upenyo unakuwa mkubwa, na maji yanaingia zaidi kuliko jana. Ndiyo maana tatizo hili huanza polepole kisha ghafla likashika kasi.

Madhara kwa afya

Mende anaweza kuishi zaidi ya mwezi bila chakula akiwa na maji, lakini bila maji hamalizi wiki nyingi, kiasi cha mbili tu. Kwa hiyo unaweza kufagia jiko kila usiku na kufunika kila chungu, lakini kama chini ya sinki pana unyevu, umemwekea mende kile anachokihitaji kuliko vyote. Huyu anapita chooni na kwenye karo, kisha anapita juu ya sahani, na miguu yake na kinyesi chake hubeba vijidudu vya kuharisha.

La pili ni ukungu. Ubao uliolowa ndani ya kabati lenye giza huota kuvu, na chembechembe zake zikiruka huwasumbua wenye pumu na watoto wenye mafua yasiyokwisha. La tatu, wapo wanaoweka ndoo ya unga au mfuko wa mchele ndani ya kabati hilo hilo. Nafaka ikipata unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka kwa kupika. Chini ya sinki si mahali pa chakula hata sinki likiwa zima.

Kwa nini saruji nyeupe haifai?

Saruji nyeupe ni nzuri kwa kujaza mistari ya marumaru. Pembeni mwa sinki haifai, kwa sababu sinki halitulii. Bakuli la kawaida hubeba maji lita ishirini na zaidi, yaani kilo ishirini na zaidi, kisha linamwagwa na kuwa jepesi. Maji ya moto yakimwagwa, chuma kinatanuka kuliko saruji na kuliko ubao. Sinki lenye urefu wa mita moja likipata joto la nyuzi 50 zaidi linarefuka karibu milimita moja. Saruji haivutiki, basi inapasuka ufa mwembamba kama unywele. Na ufa mwembamba, kama tulivyoona, ndio unaovuta maji.

Kinachotakiwa ni kitu kinachoshika pande zote mbili na kuvutika kama mpira, nacho ni silikoni. Lakini silikoni peke yake bila kubanwa nayo huchoka, kwani kila bakuli linapojazwa mdomo unacheza. Ndiyo maana sinki huja na klipu, yaani vibanio vidogo vya chuma vyenye skrubu, vinavyoshika mdomo kutokea chini na kuuvutia kwenye meza. Klipu zinashikilia, silikoni inaziba. Kila moja ina kazi yake, na fundi akikwambia moja inatosha kwenye meza ya ubao, mwambie afanye zote mbili. Klipu huwa kwenye kifuko kidogo ndani ya boksi la sinki. Kitafute kabla boksi halijatupwa.

Kuchagua silikoni

Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya jikoni na bafuni, ambayo imetiwa dawa ya kuzuia ukungu. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye mrija. Mirija mingi dukani hukaa juani miezi mingi, na silikoni iliyopitwa na wakati haigandi ipasavyo. Ipo pia lipu nyeupe ya mrija inayosafishwa kwa maji, wanayotumia wapaka rangi kuziba nyufa za ukuta. Hiyo si ya sinki.

Silikoni zenyewe ni aina mbili. Moja inanuka siki inapokauka. Hiyo inashika vizuri chuma na fomaika. Nyingine hainuki siki, nayo ndiyo ya kutumia ikiwa meza yako ni granaiti, marumaru ya mawe au zege, kwa sababu ile asidi ya siki hula chokaa iliyomo kwenye saruji na huacha alama kwenye mawe. Ikiwa huna hakika, chukua isiyonuka, inafaa kote.

Kazi yenyewe

Tuchukue mfano wa jiko la kawaida. Meza ni chipubodi yenye unene wa sentimita 3 na upana wa sentimita 60. Sinki lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 50, bakuli moja na sehemu ya kuchujia vyombo.

Kwanza, kata tundu dogo kuliko sinki. Kama boksini kuna karatasi ya kipimo, ifuate hiyo. Kama haipo, lipindue sinki juu ya meza, kinyume na litakavyokaa, uchore kwa penseli kuzunguka ukingo wake, ukiacha sentimita 5 mbele na 5 nyuma. Halafu chora mstari wa pili, sentimita 1 ndani ya ule wa kwanza. Mstari wa ndani ndio wa kukata. Kwa sinki letu tundu litakuwa sentimita 98 kwa 48. Ile sentimita moja inayobaki kila upande ndiyo inayobeba sinki na ndiyo itakayokaa silikoni, kwa hiyo fundi akikata kwenye mstari wa nje kazi imeharibika na hakuna silikoni itakayoiokoa. Kumbuka kuwa ukilipindua sinki, kulia na kushoto hubadilishana. Hakikisha upande wa bakuli ndio ulioukusudia. Kabla ya kukata chungulia pia chini, usije ukakuta mti wa fremu ya kabati umepita pale bakuli litakapokaa.

Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari ili fomaika isibanduke. Toboa kona nne kwa keekee, kisha pitisha msumeno wa umeme wa meno membamba. Mtu mmoja ashikilie kipande kutokea chini, maana kikianguka kabla ya kumalizika kinachana fomaika. Vumbi la chipubodi lina gundi, funga kitambaa puani.

Pili, ziba ukingo uliokatwa. Hatua hii ndiyo mafundi wengi huiruka, nayo haichukui nusu saa. Ule ubao ulio wazi ndani ya tundu ndio kinywa cha kunywea maji. Futa vumbi lote, upake rangi ya mafuta au vanishi mara mbili na uiache ikauke siku nzima, au paka silikoni nyembamba ukiisambaza kwa kipande cha kadi. Chagua moja kati ya hizo, kwa sababu rangi haishiki juu ya silikoni. Hapa hata silikoni ikivujisha siku moja, ubao una kinga ya pili.

Tatu, andaa sinki likiwa bado nje. Funga bomba na kile kipande cha kutolea maji wakati mikono inafika kwa urahisi. Ondoa ile nailoni inayolinda chuma, hasa chini ya mdomo. Ikibaki, silikoni itashika nailoni badala ya sinki. Tundika klipu zote kwenye reli zake, zikiwa zimegeukia ndani ili zisikwame kwenye tundu. Kwa mzunguko wa mita 3 wa sinki hili, klipu 10 zinatosha, yaani moja kila sentimita 30 hivi. Vaa glavu, ukingo wa chini wa sinki unakata kama wembe. Kisha dondosha sinki bila silikoni kama jaribio. Likiingia bila kusukumwa na mdomo ukalala pande zote, litoe.

Nne, safisha na upake silikoni. Futa chini ya mdomo na juu ya meza kwa kitambaa chenye spiriti, kisha usipaguse tena kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya silikoni isishike. Kata ncha ya mrija upate tundu la milimita 6, upake mstari mmoja mezani, katikati ya ile sentimita moja inayobaki. Mstari uzunguke pande zote bila kukatika, ukiwemo upande wa nyuma kwenye bomba ambako maji hutuama. Mwisho upishane kidogo na mwanzo, na usianzie kwenye kona. Mzunguko huu unatumia chini ya theluthi moja ya mrija, hivyo hakuna sababu ya kubania. Ikiwa sinki lilikuja na ukanda wa sponji umebandikwa chini ya mdomo, acha ukanda ulipo na upake silikoni upande wake wa nje.

Tano, dondosha na ubane. Hapa muda unakwenda, kwani silikoni huanza kushika utando baada ya dakika kumi hivi. Watu wawili walishike sinki na kulishusha wima. Lisiburuzwe, litafuta mstari. Bonyeza kwa viganja kuzunguka. Kisha ingia chini, geuza klipu zote zikamate ubao, na uzikaze kwa bisibisi ya mkono, siyo ya umeme. Kwanza zote kwa wepesi. Halafu katikati ya upande mrefu mmoja, kisha mkabala wake, kisha pande fupi, na kona mwisho, nusu mzunguko kila mara.

Unajuaje kuwa inatosha? Silikoni itachomoza pembeni kama uzi mwembamba, kuzunguka sinki lote. Mahali ambapo uzi haukutoka ndipo palipokosa silikoni. Paongeze sasa hivi. Uzi ukishatoka kote, acha kukaza. Anayekaza kwa nguvu zote anaikamua silikoni yote itoke, na bati jembamba linajipinda. Pale penye klipu linashuka na kati ya klipu mbili linanyanyuka, ukalitazama kwa pembeni lina mawimbi. Kila wimbi ni mlango wa maji.

Futa silikoni iliyozidi kwa kadi ya plastiki, pitisha kidole kilicholowa maji ya sabuni mara moja tu, uache.

Sita, subiri. Silikoni huganda kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku. Kesho yake ukigusa juu utaona imekauka, lakini katikati ya mdomo bado ni laini. Usifungue maji kwa saa 24, na usiweke masufuria mazito wala kujaza bakuli kwa siku tatu. Na ikishaganda usirudi kukaza klipu, utaichana.

Jaribio la kumkabidhi fundi fedha yake

Baada ya muda huo, fanya majaribio matatu kwa zamu, siyo kwa pamoja, ili ukiona maji ujue yametoka wapi. Bandika karatasi za chooni kavu chini ya ukingo wa sinki kuzunguka, na nyingine chini ya bomba na chini ya kitoleo. Kwanza tandaza matambara yaliyolowa chapachapa juu kuzunguka mdomo, bila kufungua bomba, uyaache nusu saa. Karatasi ya ukingoni ikilowa, silikoni ina tundu mahali hapo au juu yake kidogo. Pili, fungua bomba dakika tano. Ikilowa ya chini ya bomba, kasoro ni ya mpira wa bomba. Tatu, jaza bakuli kisha uyaachie maji yote kwa mkupuo; ikilowa ya katikati, kasoro ni ya kitoleo. Wengi wamekwisha bandua masinki mazima kumbe tatizo lilikuwa mpira mmoja.

Kaunta ya zege

Nyumba nyingi za kwetu zina kaunta ya zege iliyopigwa marumaru, yenye unene wa sentimita 7 au zaidi. Klipu nyingi zimetengenezwa kwa meza ya sentimita 3 au 4, hivyo hazifiki. Kama bado hujamwaga zege, mwambie fundi aweke vipande vya mbao kwenye fomu, chini ya ukingo wa tundu pale klipu zitakapokaa, ili zege likimwagwa ukingo uwe mwembamba sehemu hizo. Nondo zisipitishwe hapo. Kama zege limekwisha, sinki litashikwa na silikoni isiyonuka siki, kwa mstari mnene zaidi, likiwa na uzito sawasawa juu yake kwa siku mbili. Ndoo za maji zilizowekwa juu ya ubao uliolazwa kwenye sinki zinafaa. Zege ni zito na halivimbi, kwa hiyo linasamehe kidogo kuliko ubao. Hakikisha tu kuwa mistari kati ya marumaru imejazwa ikawa sawa na marumaru zenyewe, la sivyo maji yatapita chini ya silikoni kupitia mfereji huo.

Dalili za kuangalia

Kila baada ya miezi mitatu, toa vitu vyote kabatini umulike kwa tochi. Pitisha kidole chini ya ubao karibu na ukingo. Ukisikia ubaridi na ulaini, ukiona fomaika imeinuka kama jipu, alama za duara kwenye sakafu ya kabati, au skrubu za klipu zimeota kutu, maji yanaingia. Kwa wanaotumia visima vya maji ya chumvi dalili huja mapema: maji yanapokauka huacha unga mweupe pale yalipopita, na chumvi hiyo hula klipu haraka.

Silikoni ikiota madoa meusi juu tu, paka dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, ukiwa umefungua dirisha, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, kwani hutoa hewa ya sumu. Lakini ikiwa imebanduka, usipake mpya juu ya kuukuu. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni iliyokwisha kuganda. Legeza klipu, kata ya zamani yote kwa wembe, nyanyua sinki, kausha ubao siku kadhaa, safisha kwa spiriti, uanze upya kuanzia hatua ya nne. Na ubao ukishakuwa laini kiasi kwamba skrubu inatoka kwa kuvuta kwa mkono, huo hautibiki. Badilisha meza kwanza, kisha sinki hilo hilo litakaa miaka mingine mingi, inshaallah.